Asiyeona na simu ya kugusa

"Simu ya kugusa haina vitufe vya kupapasa, sasa asiyeona ataandikaje ujumbe?"

Anaandika, tena mwenyewe. TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, ikiwashwa kwenye simu ya Android, mguso mmoja haufungui kitu. Simu inakitaja tu kwa sauti. Telezesha kidole kulia, inasoma kinachofuata. Kushoto, inarudi nyuma. Ukisikia ujumbe unaoutaka, gusa mara mbili haraka popote kwenye skrini, unafunguka.

Kwenye kibodi, kidole kinateleza juu ya herufi huku simu ikizitaja: "e", "r", "t". Kwa kawaida, herufi unayoinulia kidole ndiyo inayoandikwa. Kinachokwamisha kweli ni programu ambazo vitufe vyake havikupewa majina: simu husema "kitufe" tu, na mtu hajui ni cha kutuma au cha kufuta.