Sahihi ya mwalimu mkuu si idhini ya mzazi

Nimeletewa tena barua ile ile ya mwanafunzi wa ualimu anayemwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kufanya utafiti darasani. Mistari kumi ya kuisifu "shule yako tukufu", KUH: kwa herufi kubwa, kisha sentensi moja tu kuhusu utafiti wenyewe. Nikiuliza wazazi wataombwa lini, nakodolewa macho: "Mwalimu, si mkuu ameshatia sahihi?"

Ametia, ndiyo. Amekuruhusu uingie ukawaombe wazazi na watoto. Kukubali kwa niaba yao hawezi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa binafsi za mtoto. (Mambo ya kibali cha utafiti cha tume ya NACOSTI na ofisi ya elimu ya kaunti, ulizeni chuoni kwenu mapema.)

Tuchukue mwanafunzi wangu mmoja aliye mazoezini Likoni, Gredi ya 4. Anataka kujua kama kusoma kwa sauti wawili wawili kunaongeza ufasaha. Aliandika: "Kila mtoto atasoma kwa dakika moja." Watoto ni arubaini. Mkuu yeyote mzoefu anajua kuwa kumwita mtoto, kumtuliza na kumrudisha darasani kunaifanya hiyo dakika moja kuwa tatu. Hapo ni saa mbili, zaidi ya vipindi vitatu vya dakika 35, na atarudia tena mwisho wa muhula. Andika saa mbili, na useme utazitoa wapi.

Linaloniudhi zaidi ni kuchanganya kufundisha na kukusanya takwimu. Kusoma wawili wawili ni somo, na darasa zima litasoma. Idhini inahusu alama za nani zitaingia kwenye ripoti yako. Kwa hiyo mtoto ambaye mzazi wake amekataa hatolewi nje akakae chini ya mwembe. Anasoma na wenzake, ila alama zake huziandiki kwenye ripoti. Maneno haya yawemo kwenye barua, maana ndiyo mkuu atakayomjibu mzazi akija ofisini amekasirika.

Halafu kuna "nitatumia namba badala ya majina". Vizuri, lakini ili kulinganisha usomaji wa kwanza na wa pili lazima uwe na orodha ya namba na majina. Mradi orodha hiyo ipo kwenye mkoba wako, watoto bado wanajulikana. Mweleze mkuu itafungiwa wapi, na itachanwa lini.

Na mtoto mwenyewe je? Barua zote zinasema "yuko huru kukataa". Mtoto wa miaka tisa amkatalie mwalimu anayemsahihishia daftari? Mimi huagiza fomu za idhini zikusanywe na mwalimu mwingine, na mtafiti asizione hadi amalize kutoa alama za muhula. Inapunguza shinikizo. Kwamba inaliondoa, sina hakika.