Rangi imetoka chungwa na mteja analalamika mtandaoni: dhana potofu na ukweli

Mteja alitaka rangi ya asali, akaondoka saluni na chungwa. Jioni picha iko Instagram: “Wameniharibia nywele.” Utakachojibu hapo kitasomwa na wateja ambao bado hawajakufikia.

Dhana: Ukifuta maoni yake, yamekwisha.
Ana skrinishoti, na sasa ana lalamiko la pili: kwamba unaficha. Futa matusi na namba za simu za watu tu.

Dhana: Mweleze hapohapo kwamba kosa ni lake.
“Hukutuambia ulipaka piko.” Huenda ni kweli. Blichi huipandisha nywele nyeusi kupitia wekundu, kisha chungwa, ndipo ifike njano, na penye rangi nyeusi ya dukani hukwama njiani. Lakini kuuliza historia ya nywele na kujaribu blichi kwenye kishungi kimoja kabla ya kuanza ni kazi ya msusi. Tena aliyoyasema akiwa kwenye kiti ni siri yake. Usiyamwage mbele ya watu.

Mimi ningejibu hivi, siku hiyohiyo: “Dada, pole sana. Rangi haikutoka kama tulivyokubaliana. Tunaomba tuzione nywele zako mchana, kwenye mwanga wa jua, bila malipo. Tumekutumia ujumbe tupange saa.” Jibu moja linatosha. Mengine yaende kwenye ujumbe wa faragha.

Dhana: Ukiahidi kurudia kesho bure, umemtuliza.
Hii ndiyo inayoniogopesha, kwa sababu inaweza kumkatia nywele. Kwanza muulize: chungwa lilionekana siku ileile, au baada ya kuosha mara kadhaa? Likija baadaye, mara nyingi ni tona, ile rangi nyepesi ya kurekebisha rangi baada ya blichi, imetoka, na kupaka tona upya kunaweza kutosha. Likiwapo tangu siku ya kwanza, blichi haikupandisha vya kutosha. Tona ya buluu italipoza chungwa, ila haiongezi weupe, kwa hiyo atapata kahawia laini badala ya asali aliyoitaka. Mwambie hivyo kabla hajaja.

Akifika, lowesha unywele mmoja uuvute polepole. Ukirefuka kama mpira usirudi, au ukikatika, blichi haigusi tena, hasa kama nywele zimewahi kutiwa dawa ya kunyoosha. Hapo mpe rangi iliyokolea zaidi isiyohitaji blichi, punguza ncha, au mrudishie fedha. Zikiwa imara, bado zipe wiki mbili hivi za kutunzwa kwa stimingi kabla ya kupandisha tena.

Dhana: Mkishapatana, mwambie afute.
Usimrudishie fedha kwa sharti hilo. Likijulikana, litaonekana kama umenunua ukimya wake. Muulize tu kama angependa kuweka picha ya nywele zilivyo sasa, na akikataa, liishie hapo.