Mwatiko wa bwawani na wa baharini: tofauti iko kwenye chakula na maji

Kwenye meza za samaki mjini Malindi, samaki wawili wa mwatiko wenye uzito wa nusu kilo wanaweza kulazwa pamoja, mmoja katoka baharini na mwenziwe katoka kwenye mabwawa ya upande wa Ngomeni, na mnunuzi asiwatambue. Ni samaki wa aina moja, Chanos chanos kwa jina la kitaalamu: magamba ya rangi ya fedha, mkia wa panda, na ile miiba myembamba inayowatesa watoto mezani. Hata kuzaliwa hawatofautiani sana. Kwa miaka mingi vifaranga wa mwatiko katika pwani yetu wamekuwa wakikusanywa kwa vyandarua kwenye vidimbwi vinavyobaki ufuoni maji ya bamvua yanapokupwa, kisha wakapelekwa bwawani kukuzwa. Kwa hiyo anayekuambia "huyu wa kufugwa" hajakueleza alikotoka. Amekueleza alikokulia tu, na bado kuna maswali mawili ya kumuuliza: alikula nini, na maji yake yalikuwaje?

Tuanze na chakula. Baharini mwatiko hula mwani mdogo mdogo, utando wa kijani unaoota juu ya tope, na vijidudu vilivyomo ndani yake. Mfugaji anayetia samadi bwawani ili utando huo uote humlisha samaki karibu chakula kile kile, na nyama yake haiachani mbali na ya baharini. Mambo hubadilika pale samaki anaposhibishwa pumba za mahindi. Pumba zina wanga mwingi na protini kidogo, na samaki asiye na mkondo wa kushindana nao hana pa kuutumia wanga huo, kwa hiyo huugeuza mafuta.

Mafuta hayo utayaona ukimpasua. Usiishughulikie ngozi nyeusi inayofunika tumbo kwa ndani, maana wengi huiona wakadhani samaki ameoza au amekula uchafu. Mwatiko wote wanayo, wa baharini na wa bwawani. Tazama utumbo. Ukiwa umezungukwa na mafuta meupe mazito, samaki huyo amelishwa sana kuliko alivyoogelea. Ukikuta mayai yaliyojaa tumboni, huyo si wa bwawani kabisa, kwa sababu mwatiko hukomaa akiwa na miaka kadhaa, na bwawani huvunwa kabla ya kutimiza hata mwaka mmoja au baada ya hapo kidogo.

Wingi wa mafuta si kasoro. Mwatiko mnene hupendeza kwa kuchoma na kupaka, kwa kuwa tumbo lake halikauki motoni. La kuangalia ni aina ya mafuta. Omega-3 zinazosifiwa kwa moyo, yaani EPA na DHA, samaki hazitengenezi kwa wingi mwilini mwake; huzipata kupitia mwani na viumbe wanaokula mwani. Akilishwa pumba, soya na mashudu ya alizeti, mafuta yake hufanana na ya mimea hiyo. Ndiyo maana samaki wa kufugwa anaweza kuwa mnene kuliko wa baharini na bado, katika kila kijiko cha mafuta yake, akawa na omega-3 kidogo.

Sasa maji, na hapa ndipo penye siri ya ladha. Samaki anayeishi kwenye maji ya chumvi hujaza mwilini mwake chembechembe zenye utamu, zile zinazojenga protini, ili chumvi ya nje isimnyonye maji. Utamu tunaousifu kwa samaki wa baharini unatokana kwa sehemu kubwa na hizo. Bwawa linalopata maji ya bahari kila bamvua humpa mwatiko utamu huo huo. Masika yakinyesha na chumvi ikapungua, utamu hupungua, na balaa jingine huingia: bakteria fulani wa majini na wa kwenye tope hustawi na kutoa kemikali iitwayo jiosmini. Hiyo ndiyo harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza. Samaki huivuta kupitia matamvua kwa muda wa saa chache, ikajificha kwenye mafuta yake, na kutoka huchukua siku. Kadiri alivyo mnene ndivyo inavyokawia.

Ladha ya tope basi haimaanishi samaki ameoza, na haidhuru. Lakini inamharibia mfugaji soko, na inazuilika. Kabla ya kuvuna, toa samaki mmoja, kata kipande cha tumbo pamoja na ngozi, kifunge kwenye jani la mgomba na ukipike kwa mvuke bila chumvi, ndimu wala kiungo chochote. Fungua jani karibu na pua. Ukisikia udongo, usivune. Hamishia samaki kwenye wavu uliotandazwa ndani ya maji safi ya chumvi yanayopita, usiwalishe, kisha rudia jaribio baada ya siku tatu. Wakiwa wanene, huenda ikafika wiki. Mpishi aliyekwisha mnunua samaki wa namna hiyo amtoe ngozi na mafuta ya tumbo, amloweke kwenye maji ya ndimu au ukwaju kwa nusu saa, kisha ampike mchuzi. Tindikali huidhoofisha jiosmini, ingawa haiimalizi. Shombo ni jambo tofauti: hiyo huja samaki anapoanza kuharibika, awe wa bwawani au wa baharini, na ndimu huipunguza harufu tu, haiuondoi uharibifu.

Kwa samaki wa pakiti, soma jina la kitaalamu kwanza. Oreochromis niloticus ni sato, na anayeuzwa kwenye friji za maduka kwa kawaida ni wa kufugwa, hata kama picha ya pakiti ni ya mawimbi. Mafuta yake hayafiki gramu 2 katika gramu 100 za nyama, kwa hiyo sifa ya "utajiri wa omega-3" juu yake haina uzito mpaka kiasi cha EPA na DHA kiandikwe kwa miligramu. Pakiti ikidai samaki amevuliwa baharini, itafute namba ya eneo la uvuvi la FAO. Bahari yetu, magharibi mwa Bahari ya Hindi, ni eneo la 51. Madai kwamba samaki wa mwituni ni "ogani" yapuuze, kwani cheti cha ogani hutegemea kudhibiti chakula cha mnyama, na baharini hakuna anayekidhibiti.

La mwisho kwenye pakiti ni uzito. Minofu iliyogandishwa huvishwa ganda la barafu isikauke, na hilo ni sawa, mradi uzito ulioandikwa uwe wa samaki peke yake. Tuseme umenunua pakiti iliyoandikwa kilo 1 kwa Sh600. Suuza minofu kwa maji baridi mpaka ganda liishe, ikiwa bado imeganda ndani, ipanguse, uipime. Ikitoka gramu 820, umelipia gramu 180 za maji, na kilo ya samaki imekugharimu takriban Sh732. Ikisha kuyeyuka, itazame kikaangoni: ikitoa maji mengi meupe na kusinyaa, rudi kwenye orodha ya viambato utafute E451 au E452, fosfeti zinazotiwa ili nyama ishike maji. Mwatiko wa nusu kilo aliyevuliwa asubuhi hana lebo yoyote, lakini anakubali kupasuliwa mbele yako.