Kila gari la kumi na moja, kila abiria wa sita

"Nimewaona watu wa utafiti stendi ya daladala. Wanahesabu magari, wanasubiri, halafu wanahesabu abiria mlangoni kabla ya kumuuliza yeyote. Kwa nini wasichukue tu abiria wowote watano katika kila gari wakamaliza kazi?"

Kwa sababu watano ni wengi ndani ya kipanya, na ni wachache mno ndani ya kosta iliyojaa. Tuseme magari mawili yanatoka stendi ya Mawasiliano jijini Dar es Salaam, ile ambayo wengi huiita Simu 2000. Kipanya kimebeba abiria 15, wote wamekaa. Kosta imebeba 45: 30 wamekaa na 15 wamesimama wakishika bomba. Ukiuliza watano kila gari, abiria wa kipanya ana nafasi moja kati ya tatu ya kuulizwa, na wa kosta ana moja kati ya tisa. Kwa kupanda tu gari dogo, sauti yake imekuwa kubwa mara tatu kuliko ya mwenzake.

Kosa hili linaonekana wazi kwenye majibu. Kati ya abiria wote 60 wa magari hayo mawili, 15 wamesimama, yaani asilimia 25. Lakini watano wa kipanya wote watasema walikaa, na kati ya watano wa kosta wasiozidi wawili hivi ndio watakaosema walisimama. Ukirudia hivyo kutwa nzima, ripoti itasema waliosimama ni kama asilimia 17. Hakuna aliyedanganya, hakuna dodoso lililopotea, na bado msongamano umepunguzwa kwa karibu theluthi. Kuongeza wadadisi hakusaidii: utapata ile ile 17, ila sasa utaiamini zaidi.

Wengine hutetea njia hiyo kwa kusema kwamba mdadisi amechagua watu "bila mpangilio", kwa hiyo hana upendeleo. Hapa ndipo wengi hupotea. Kuchagua bila kanuni ni kuliachia jicho liamue, na jicho lina mazoea yake. Humpita mama aliyebeba mtoto na mzigo, humpita kijana aliyeziba masikio kwa muziki, hukwepa aliyenuna, kisha humwendea mtu aliyekaa karibu na mlango ambaye tayari ametabasamu. Wanaotabasamu kituoni saa kumi na mbili jioni si mfano mzuri wa wanaosafiri saa hiyo. Bahati ya kweli inahitaji kanuni kali kuliko tunavyodhani, kanuni inayomnyima mdadisi haki ya kuchagua.

Kanuni yenyewe ina hatua mbili. Kwanza, kila gari la ngapi linalotoka stendi? Pili, ndani ya gari lililoangukiwa na hesabu, kila abiria wa ngapi? Ukichukua kila gari la 12, kila gari lina nafasi 1/12. Ukichukua kila abiria wa sita ndani yake, kila abiria ana nafasi 1/6. Zizidishe na utapata 1/72, na hapo kuna jambo la kupendeza: hiyo 1/72 ni ya kila abiria, awe kwenye kipanya au kwenye kosta. Kipanya cha watu 15 kitatoa wawili au watatu, kosta ya 45 itatoa saba au wanane. Gari kubwa hutoa wengi kwa sababu limebeba wengi. Mtakwimu hahitaji kurekebisha uzito wa majibu baadaye, anayajumlisha yalivyo. Aliyekwisha kuchukua watano watano bado anaweza kuokoa kazi yake kwa hesabu za uzito, lakini kwa sharti kwamba aliandika kila gari lilibeba watu wangapi, na watu hao watano waliangukiwa kwa kanuni.

Namba 12 na 6 hazitoki hewani. Siku moja kabla ya utafiti, mtu husimama kwenye lango la kutokea na kuhesabu. Tuchukue mfano kwamba amehesabu magari 1,200 kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, na kwa wastani kila moja limebeba watu 30. Hao ni abiria 36,000. Tunataka dodoso 400 zilizojazwa, na tunatarajia mmoja kati ya watano atakataa au gari litaondoka naye kabla ya kumaliza, kwa hiyo tunahitaji kuwaendea watu 500. Gawanya 36,000 kwa 500, unapata 72, yaani 12 mara 6. Magari 100, wastani wa abiria watano kila moja. Kwa mwendo huo gari moja huangukiwa kila dakika kumi hivi. Asubuhi magari yakitoka kwa kasi, ya kuchaguliwa nayo hukaribiana, na mchana yakipungua hutawanyika. Utafiti unaufuata umati wenyewe bila kuambiwa.

Kabla ya kuridhika na 12, hata hivyo, uangalie mpangilio wa stendi. Fikiria uzi wa shanga za rangi sita zinazojirudia kwa mfuatano ule ule: nyekundu, nyeupe, buluu, kijani, njano, nyeusi, kisha nyekundu tena. Ukiokota kila shanga ya 12 kuanzia nyekundu, utaokota nyekundu mpaka uzi uishe, na utaapa kwamba uzi wote ni mwekundu. Stendini, rangi ni njia. Saa za mchana, magari yakitoka kwa zamu, njia sita zinaweza kupishana langoni kwa mfuatano unaokaribiana na huo, na kila gari la 12 likawa la Gongo la Mboto tu. Kuanza mahali pa bahati hakuponyi tatizo hili; kunabadilisha tu rangi utakayoishia nayo. Dawa ni kuchagua namba isiyo na kigawo cha pamoja na urefu wa mzunguko, zaidi ya 1. Kwenye uzi ule ule, okota ya kwanza, ya 12, ya 23, ya 34, yaani kila ya 11: nyekundu, nyeusi, njano, kijani, buluu, nyeupe. Zote sita zimepatikana. Zamu za stendi halisi huvurugika mara kwa mara, gari linaharibika au askari analizuia, kwa hiyo hatari ni ndogo kuliko kwenye uzi. Lakini kubadili 12 kuwa 11 hakugharimu chochote zaidi ya magari tisa ya ziada. Tutakuwa na magari 109 na kuwaendea watu 545 hivi.

Gari la kwanza hupatikana kwa kura: andika namba 1 hadi 11 kwenye vikaratasi, vuta kimoja, na hapo ndipo hesabu inapoanzia. Kwa abiria, wadadisi wengi hukosea kwa kuanza upya kila gari na kumchukua wa sita, wa 12, wa 18. Kwa mtindo huo, watano wa mwanzo kupanda hawaulizwi kamwe, katika gari lolote. Nao mchana ndio waliokaa garini muda mrefu zaidi wakisubiri lijae. Kama dodoso linauliza "umesubiri muda gani?", umewaondoa wenye jibu refu kuliko wote. Njia rahisi ni kutorudisha hesabu kwenye sifuri. Kama kipanya kimeishia watu wawili baada ya aliyechaguliwa wa mwisho, gari linalofuata linaendelea na tatu, nne, tano, na wa nne kupanda ndiye anayeulizwa.

Kazi hii huhitaji watu wawili, na hapa ndipo bajeti nyingi hubana pasipostahili. Mmoja anahesabu, mwingine anauliza. Mtu mmoja akifanya yote, akiwa anasikiliza jibu la abiria, wengine kumi wamepita mlangoni. Akirudi anaanza na "moja". Kwenye karatasi bado ni kila wa sita, lakini asubuhi penye msukumo imekuwa kila wa 16, na mchana imebaki sita. Abiria wa saa za msongamano wamepungua tena, kwa mlango mwingine.

Na mlango wenyewe unadanganya. Jioni abiria wengi hawasubiri gari lifike stendi. Hulipandia nje, likija, wakalipa nauli na kugeuza nalo ili wapate siti. Wengine huingia kupitia dirishani. Mhesabuji anayetazama ngazi tu hatawaona, ingawa wapo na wanasafiri. Kwa hiyo gari likisimama, huanza na waliomo ndani tayari, siti kwa siti kutoka mbele, kisha huendelea na wanaopanda. Mdadisi hupanda na kusafiri na gari vituo kadhaa, nauli ikilipwa na mradi, kwa sababu konda hawezi kuzuia gari lililojaa lisubiri dodoso. Inafaa kuzungumza mapema na makonda na wapiga debe, wajue mtu huyu hesabu yake ni ya watu, si ya mapato yao.

Lipo kundi ambalo kanuni hii haiwezi kulifikia kabisa: waliokosa gari. Mwanafunzi anayezuiwa mlangoni kwa sababu ya nauli yake ndogo, au mzee aliyeshindwa kugombania, hayumo kati ya waliopanda. Matokeo yanawahusu abiria wa magari yaliyotoka stendi. Hayawahusu wote waliotaka kusafiri, wala wanaopandia vituo vya njiani.

Mtu anaweza kuuliza: kama kinachotakiwa ni 1/66, yaani 1/11 mara 1/6, kwa nini tusichukue kila gari la 33 na kila abiria wa pili, tupunguze kukimbizana na magari? Hesabu inatoka ile ile, lakini abiria wa gari moja wanafanana. Wametoka mahali pamoja, saa ile ile, wamebanwa na foleni ile ile. Wa kumi anaongeza machache kwa yale waliyosema tisa. Kipimo cha kufanana, ambacho 0 ni kutofanana kabisa na 1 ni majibu yale yale, kikiwa 0.1, majibu 436 kutoka magari 109 yana nguvu ya kama 335 yaliyochukuliwa kwa watu waliotawanyika. Idadi hiyo hiyo kutoka magari 36 ina nguvu ya kama 208 tu.

Jioni, kabla ya kufungua dodoso hata moja, msimamizi huchukua karatasi ya mhesabuji na kuigawa kwa saa. Magari yaliyohesabiwa saa moja hadi saa mbili asubuhi, gawanya kwa 11: je, yanakaribia idadi ya magari yaliyochaguliwa saa hiyo? Abiria waliohesabiwa ndani yake, gawanya kwa sita: wanalingana na walioendewa, wakiwemo waliokataa? Aliyekataa huandikwa kuwa amekataa, pamoja na jinsia yake na makadirio ya umri, na jirani yake hachukuliwi badala yake. Karatasi isiyo na hata mmoja aliyekataa kuanzia asubuhi hadi usiku hurudishwa kwa mdadisi kwa maswali, kwa kuwa kuna uwezekano mkubwa kwamba jicho lake limerudi kazini.