Je, kurudisha shiti ya zamani kunafuta kazi ya wenzako?

"Shiti yetu ya michango ya harusi tunaijaza watu watatu mtandaoni. Mmoja kaivuruga. Tukirudisha ya zamani, walichoandika wengine baada ya hapo kinapotea?"

Kinaondoka kwenye shiti mnayoiona, lakini hakifutiki. Google Sheets hutunza historia ya faili zima, si ya mtu mmoja wala safu moja. Ukibonyeza `Restore this version`, kila mstari unarudi ulivyokuwa saa ile, hata ya wasio na kosa. Toleo mliloliacha nalo hubaki kwenye historia, mnaweza kulirudia.

Hapa Ngamiani, Tanga, yalitukuta. Majina yalikuwa A2 hadi A87, pesa B2 hadi B87. Saa 2:52 usiku mjumbe mmoja alichagua safu ya pesa peke yake, akaipanga kutoka kubwa kwenda ndogo. Majina yakabaki palepale, pesa zikahama. Jumla haikupungua hata shilingi, kwa sababu namba ni zilezile, zimebadilishana watu tu. Ndiyo maana hatukugundua mpaka shangazi wa bwana harusi, aliyetoa 200,000, alipoulizwa mbona katoa 20,000. Wakati huo mweka hazina, yuko Makorora, alikwishaongeza majina 14 chini.

Ctrl+Z haikufaa, maana kila mtu hutengua ya kwake tu, na mjumbe yule alikwishafunga shiti. Kurudisha faili zima kungeondoa yale majina 14. Kilichotakiwa ni safu moja tu.

Kwenye kompyuta tulifungua `File`, `Version history`, kisha `See version history`. Saa pale husomeka kizungu, kwa hiyo saa 2:52 usiku yetu ni 8:52 PM. Matoleo yakiwa yamekunjwa pamoja, bonyeza mshale mdogo ulio pembeni yafunguke. Tulichagua toleo la mwisho kabla ya saa hiyo, tukabonyeza vidoti vitatu, tukachagua `Make a copy`. Likafunguka kama faili jipya, shiti ya wote haikuguswa. Tukanakili B2:B87 kutoka humo, tukabandika juu ya safu iliyovurugika.

Ila kabla ya kubandika, hakikisha majina yamefuatana sawasawa kwenye faili zote mbili. Mtu akiwa ameingiza au kufuta mstari katikati, pesa zitaangukia kwa jirani, na jumla haitakuambia kitu. Angalia pia matoleo ya baada ya mvurugo, seli zilizobadilishwa hupakwa rangi ya aliyezibadilisha. Ukiitilia shaka seli moja, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, kisha `Show edit history`, uone nani aliandika nini na lini. Kwetu ilikuwa B31: mtu alimalizia ahadi yake saa 3:10, mweka hazina akaandika 50,000. Namba hiyo haikuwemo kwenye nakala ya zamani, kwa hiyo baada ya kubandika tukaiandika upya kwa mkono.