Nyongeza ya laki moja iliyokaribia kukataliwa

Jirani yangu hapa Igogo ni fundi wa majokofu katika kiwanda cha minofu ya sangara. Alipoambiwa kwamba anapandishwa kuwa msimamizi, na mshahara utatoka 800,000 hadi 900,000, alimwendea mhasibu kuomba usizidi 840,000. Alisikia kwamba ukigusa daraja la kodi la asilimia 25 umeliwa.

Dhana: ukivuka daraja, mshahara wote unakatwa kwa asilimia mpya.

Simcheki, kwani hayo ndiyo mahesabu ya mwaloni. Kule Kirumba sangara akifikia daraja la juu la ukubwa, kilo zake zote hupata bei ya daraja hilo.

Ukweli: asilimia mpya inagusa kile kilichovuka tu.

Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 unakatwa asilimia 8, kisha 20 hadi 760,000, kisha 25 hadi milioni moja, na inayozidi milioni asilimia 30.

Tulikaa na kalamu. Mchango wa NSSF, kwake asilimia 10, hutoka kwanza, kwa hiyo katika 800,000 kinachotozwa kodi ni 720,000. Kodi yake ni 60,000, na mkononi zinabaki 660,000.

Kwenye 900,000, kinachotozwa kodi ni 810,000. Shilingi 760,000 za mwanzo zinalipa 68,000, hata ungekuwa tajiri wa mitumbwi. Zile 50,000 zilizovuka ndizo zinazokatwa asilimia 25, yaani 12,500. Jumla ni 80,500, na mkononi zinabaki 729,500. Katika laki ya nyongeza amebaki na 69,500.

Hofu yake ingekuwa kweli, 810,000 zote zingekatwa robo, abaki na 607,500. Hakuna mstari wa sheria unaofanya hivyo. Kwa kuwa asilimia ya juu kabisa ni 30, kila shilingi inayoongezeka lazima ikuachie kitu.

Dhana: "Mbona mimi nilipandishwa na pesa ikapungua?"

Inatokea, ila chanzo huwa mstari mwingine wa salari slipu. Soma wa PAYE kwanza: ukilingana na hesabu kama hiyo, kodi haina kosa. Shuka kwenye makato mengine. Labda marejesho ya mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yameanza mwezi huohuo, au ni mkopo wa saccos. Au cheo kipya kimekuondolea posho uliyoizoea.

Hilo la mwisho ndilo lililomnyamazisha jirani. Alikubali 900,000, kisha akarudi kwa mhasibu na swali jingine: msimamizi analipwa ovataimu?