Laini iliyo ndani ya traka: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Ukipita kwa mafundi wa umeme wa magari kuanzia Mwanjelwa hadi Mafinga, utaona traka, vile viboksi vya kukuonyesha gari lilipo, zinafungwa kila siku kwenye bodaboda, bajaji na Fuso za mbao. Mteja anauliza bei, anauliza kama injini itazimika kwa simu, analipa, anaondoka. Habari ya laini iliyotiwa ndani ya kile kiboksi haiulizwi. Laini ni laini tu, wanasema. Hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

Dhana: Traka inaonekana na setilaiti moja kwa moja, laini ni ya kujazia tu.

Setilaiti za GPS hazijui kama traka yako ipo. Zinarusha mawimbi, traka inayapokea na kupiga hesabu yenyewe ya mahali ilipo. Kazi inaishia hapo mpaka laini iipeleke habari hiyo kwako, ama kwa meseji, ama kwa bando la intaneti kupitia seva ya kampuni. Ndiyo maana bando likiisha, gari "linapotea" kwenye ramani ilhali limeegeshwa Uyole mbele ya macho ya watu. Kwenye korongo ambako mtandao haushiki, traka nyingi nzuri huhifadhi safari na kuirusha baadaye, na ile ya bei ya chini kabisa huinyamazia.

Kuna namba mbili humo ndani ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni namba ya laini, inayoanza na 06 au 07 kama yako. Ya pili ni IMEI, tarakimu 15 zilizobandikwa kwenye kiboksi, ambayo ni ya kifaa chenyewe. Kwa kawaida seva huitambua traka kwa IMEI. Kwa hiyo ukibadilisha laini, gari lako linabaki lilelile kwenye ramani, ila kila amri unayoituma kwa meseji lazima sasa iende namba mpya. Andika zote mbili kwenye daftari siku ya kufungiwa, kabla kiboksi hakijafichwa nyuma ya dashibodi.

Dhana: Hakuna anayeijua namba ya traka yangu, kwa hiyo niko salama.

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote. Namba yako binafsi ina mtu nyuma yake. Akipiga mgeni unasikiliza sauti, unatilia shaka, unakata. Namba ya mashine haina mtu wa kutilia shaka. Meseji ikifika ikiwa na maneno sahihi, mashine inatii.

Chukua mfano wa traka za aina ya TK103, ambazo zimeenea sana na zina ndugu wengi wanaofuata amri zilezile. Zinatoka kiwandani zote zikiwa na namba ya siri 123456. Fundi akishaiwasha huituma meseji `begin123456`, nayo inajibu `begin ok!`. Mafundi wengi wanaishia hapo, kwa sababu ramani inaonekana na mteja amefurahi.

Sasa tuseme tajiri wa mbao wa Mafinga ana Fuso moja, traka imefungwa hivyohivyo, na namba ya laini imeandikwa kwenye karatasi ya risiti iliyobaki kwenye droo ya gari. Aliyekuwa utingo wake anaichukua. Kwa traka ambayo haijapewa namba za wenye ruhusa, kila anayepiga anajibiwa kwa meseji ya mahali gari lilipo. Akituma `monitor123456` halafu akapiga, traka yenye maikrofoni inapokea simu kimyakimya na yeye anasikiliza mazungumzo ya ndani ya kabini. Akituma `stop123456`, na kama waya wa kuzima umeunganishwa, injini inakatwa mafuta au umeme. Fikiria hilo likitokea lori limejaa mbao kwenye mlima wa Kitonga.

Dawa yake haichukui dakika kumi, na inafanywa kwa simu yako mwenyewe, fundi akiwa ameondoka. Kwanza badili namba ya siri:

```
password123456 482917
```

Ikijibu `password ok!`, ndipo unaiandikisha simu yako iwe ya kutiiwa:

```
admin482917 07XXXXXXXX
```

Tarakimu 482917 hapa ni mfano, weka zako, na usiweke mwaka wa kuzaliwa. Kisha jaribu: azima simu ya jirani, upige namba ya traka. Ikimjibu jirani kwa kumtumia mahali gari lilipo, kazi haijakamilika. Isipomjibu kitu, imeelewa. Traka za kampuni nyingine zina amri tofauti, lakini maswali mawili ni yaleyale: namba ya siri ya kiwandani imebadilishwa? Nani wameruhusiwa kuiamuru?

Dhana: Weka PIN kwenye laini, mwizi akiitoa hataitumia.

Kwenye simu ya mtu ni ushauri mzuri. Kwenye traka ni kuiua, maana hakuna wa kubonyeza PIN kila inapowaka. Laini inawekwa kwanza kwenye simu, PIN inaondolewa, ndipo inahamishwa. Traka mpya isiyojibu chochote, mara nyingi hilo ndilo tatizo, kabla hujamlaumu mchina.

Kinga ya laini ya mashine inatafutwa kwingine. Mtandao unaweza kuifunga isipige simu za kawaida, au kuifunga kwa IMEI moja ili ikihamishiwa kwenye simu isifanye kazi. Hayo huombwa kwa mtandao, na wanaofunga traka nyingi ndio huyapata kwa urahisi zaidi. Mwenye bodaboda moja afanye lililo ndani ya uwezo wake: asifungue akaunti ya pesa kwenye laini hiyo, na asiweke salio kubwa.

Dhana: Laini ya traka isajiliwe kwa jina la fundi, yeye ndiye anayejua mambo yake.

Hapana. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA umekuwepo tangu 2019, na kanuni za 2020 zikaitenga laini ya mawasiliano ya mashine na ile ya mtu ya kupiga, meseji na intaneti. Kwa hiyo nenda kwenye duka la mtandao, sema wazi kwamba laini ni ya kifaa. Laini ikiwa na jina la fundi, fundi ndiye mwenyewe mbele ya mtandao. Siku mkikosana kuhusu malipo anaweza kwenda kuitoa upya, na ile iliyo ndani ya gari lako inakufa palepale. Pia naye yumo hatarini: mwizi akiichomoa laini na kutapeli nayo watu, anayetafutwa ni aliyesajiliwa. Piga *106# uone laini zilizo chini ya NIDA yako. Mafundi wengine wangeshangaa idadi yao.

Dhana: Namba ya mashine ikipigiwa ikasema haipatikani, imekufa.

Laini za mashine zinazotolewa kwa makampuni mara nyingi zimezimwa sauti kwa makusudi. Hazipigi wala hazipigiwi, zinapitisha data tu. Kuzipigia si kipimo. Kipimo ni saa ya mwisho iliyoandikwa kwenye ramani: ikiwa ni ya dakika tano zilizopita, laini iko hai.

Kuhusu tarakimu zenyewe, namba ya mtu hapa kwetu ina tarakimu 9 baada ya +255. Nchi kadhaa zimeona mashine zingezimaliza namba za watu, zikazipa mashine namba ndefu za peke yake. Norwei ina tarakimu 12 kwa mashine, India 13, Ufaransa 14 ukihesabu na sifuri ya mwanzo. Kikomo cha dunia nzima ni tarakimu 15 pamoja na ile ya nchi. Yako pia makundi yasiyo ya nchi yoyote, +882 na +883, yaliyotengwa kwa mitandao ya kimataifa, na vifaa vinavyovuka mipaka huweza kuyatumia. Dereva anayepita Tunduma kwenda Zambia akiona namba ya namna hiyo kwenye kifaa cha mzigo, asidhani moja kwa moja ni utapeli. Ila namba hiyohiyo ikimpigia usiku, asiipigie: kupiga huko kunaweza kuwa ghali sana.

Dhana: Mtu akiijua namba ya mita yangu ya LUKU atatumia umeme wangu.

Hii ni rahisi. Namba ya mita ya LUKU ya kubonyeza si namba ya simu, mita hiyo haina laini, na haipokei amri ya mtu yeyote kwa mbali. Anayeijua anaweza kukununulia umeme tu, na sijasikia anayelalamika kwa hilo. Tarakimu 20 za tokeni zimefungwa kwa ufunguo wa mita hiyo moja, haziingii kwa jirani, na haziingii mara mbili. Ile shughuli ya 2024 ya kupewa mafungu matatu ya tarakimu 20, mawili ya mwanzo yakiwa ya kuibadili mita na la tatu la uniti, ilitokana na hesabu ya dakika inayoanza 1993 ambayo ingefika ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Watu walidhani ni akaunti zao zinabadilishwa. Ilikuwa kalenda ya mita.

Dhana: Kengele ya duka haitumii salio, basi laini yake haitaisha.

Kengele nzuri ya wizi ni ile inayokaa miezi bila kusema neno, na hapo ndipo inapodhurika. Kwa mtandao, laini isiyotumia chochote ni laini iliyotelekezwa. Ikipita muda uliowekwa inafungwa, kisha namba inapewa mtu mwingine. Traka inayotuma kila dakika haina shida hiyo. Kengele inayo. Siku mlango unavunjwa pale Soweto, kengele inajaribu kutuma na haina mtandao.

Upande wa pili nao upo: kengele imeandikishwa namba yako ya zamani uliyoiacha, sasa ni ya binti wa chuo anayepokea `help me!` saa nane za usiku kutoka duka asilolijua, akaifuta. Kwa hiyo kila mwezi ibonyeze kengele mwenyewe, mchana, mpaka meseji iingie kwenye simu yako. Hilo linakata salio kidogo, linaiweka laini hai, na linakuonyesha namba inayopokea ni ya nani. Ukibadili namba yako, iandikishe kwenye kengele na traka kabla hujaitupa ile ya zamani, kwa sababu baadhi yake zinakubali mabadiliko kutoka namba iliyokwisha ruhusiwa tu, na ukiikosa itabidi fundi aifungue ile dashibodi upya.